Kwa nini tulikuachia kiraka utosini

Wiki hii tena mteja kaondoka saluni kwetu amenuna: kalipa shilingi 5,000 na bado kaachiwa kiraka chenye gamba hakijanyolewa. Kinyozi jirani anamaliza kichwa chote kwa 3,000. Ni kweli, anamaliza, na gamba analikwangua kwa wembe kisha anapaka spiriti.

Hapa Moshi tunanyoa wenye upara wengi, wakiwemo ndugu zetu wenye ualbino. Kabla ya mashine tunalowesha kichwa na kupapasa kwa ncha za vidole, kuanzia paji mpaka kisogoni na nyuma ya masikio. Gamba lililoletwa na jua la miaka mingi hulijua kwa kidole kabla ya jicho. Linakwaruza kama msasa. Mba huenea kichwani na hutoka ukiosha. Hili hukaa palepale. Si kila gamba hugeuka saratani, ila yapo yanayogeuka, na kinyozi hawezi kujua ni lipi.

Ukilikwangua, kichwa kinang'aa siku chache, kisha linarudi mahali pale pale. Daktari naye akiangalia anakuta jeraha la wembe. Wanaopaka krimu za kuondoa wekundu nao wanalificha.

Nakumbuka fundi paa mmoja mwenye ualbino. Alikuwa na kidonda utosini akidai ni wembe wa saluni fulani. Mkato wa wembe haupiti wiki mbili haujafunga, bwana. Chake kilikuwa kinafanya kigaga, kinabanduka, kinavuja damu taulo likigusa tu, na kingo zake zilikuwa zimeinuka, ngumu ukibonyeza. Tulikataa kunyoa, akatusema sana. Kliniki ya ngozi ya hospitali ya KCMC walikata kinyama kidogo wakapima: saratani. Wakakiondoa chote, na kwa kuwa kilishapanuka, wakachukua ngozi ya paja kuziba pale. Magamba yake mengine, yale membamba, waliyagandisha kwa naitrojeni, kazi ya dakika chache. Lile moja nalo huenda lingeishia hapo angeliwahi.

Weusi wenzangu msicheke. Sisi jua halituumizi kiasi hicho, lakini kovu la zamani la moto kichwani likifumuka kidonda kisichofunga, safari ni ile ile. Baka jeusi nalo likipanuka, likibadilika rangi au kutoa damu, usingoje.

Kwa hiyo 5,000 yako ni pamoja na kupapaswa, wembe mpya, na picha ya chochote tulichokiona, kwa simu yako mwenyewe, sarafu ikiwa pembeni ili mwezi ujao tulinganishe ukubwa. Kidonda kilichofika wiki nne hatusubiri picha ya pili, tunakuambia uende kliniki. Pembeni yake tunanyoa kwa mashine na kuacha nafasi ya kidole kimoja. Mwenye ualbino aje amepaka Kilisun, mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hapa hapa Moshi, na asisahau ncha za masikio; tukishaosha kichwa atapaka tena kabla ya kuvaa kofia.