Mchezo wa ngeli ulioniomba

Mtwapa,
Jumapili jioni

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na mama mkwe umfikishie zake. Ujumbe wako niliupata Jumatano, nikaona jambo hili halielezeki kwa simu. Unataka kuwachapishia watoto wako wa darasa la tano mchezo wa ngeli kama wangu. Basi nitakueleza nilivyoutengeneza, na nitaanza na ule wa kwanza ulioharibika, maana umenifunza zaidi ya huu wa sasa.

Ule wa kwanza ulikuwa na njia ya miraba 60, mizuri, ina nyoka na ngazi, na maswali yamewekwa kwenye miraba michache tu. Dakika thelathini na tano za kipindi zikaisha, hakuna kundi hata moja lililofika katikati. Usiku nikakaa na kalamu. Dadu kwa wastani hukupa hatua tatu na nusu, kwa hiyo miraba 60 inataka kurusha mara kumi na saba hivi. Watoto wanne wanaocheza zamu kwa zamu, kila zamu sekunde 40, watatumia zaidi ya dakika arobaini na tano, na hapo hakuna aliyekosea jibu wala kugombana na mwenzake. Baya zaidi, mtoto alikuwa anaweza kurusha mara nne mfululizo bila kukutana na swali. Alikuwa anacheza kweli, lakini ngeli haikumgusa.

Nikaigeuza hesabu, nikaanza na muda. Ukitoa kugawa vifaa na kukusanya, zinabaki dakika 20 za kucheza. Hizo ni zamu 30, yaani saba au nane kwa kila mtoto. Saba mara tatu na nusu ni ishirini na nne na ushee. Ndiyo maana njia yangu ina miraba 24. Anayekosea atachelewa, lakini kengele ikilia aliye mbele ndiye mshindi, na mara nyingi kuna mmoja ameshafika.

Swali nalo nikalitanguliza. Mtoto hagusi dadu kabla ya kujibu. Anachukua kadi, anaisoma kwa sauti, anajibu, na akipata ndipo anarusha. Akikosa anabaki alipo. Mwanzoni nilikuwa ninawarudisha nyuma miraba miwili, nikamwona binti mmoja amekaa penye Mwanzo kipindi kizima, macho yameanza kulowa. Siku hiyo hiyo nikaifuta adhabu. Sasa aliyekosa husomewa jibu sahihi, yeye mwenyewe analirudia kwa sauti, kisha kadi inakwenda chini ya rundo ili irudi tena. Kadi iliyojibiwa vizuri inawekwa kando.

Kadi ndizo zitakazokula muda wako. Usiandike neno peke yake, andika sentensi nzima. Nilikuwa na kadi imeandikwa "kaa" tu, mtoto aseme wingi pamoja na kionyeshi. Mvulana mmoja, baba yake mvuvi, akajibu "kaa hawa". Mwamuzi akaangalia karatasi yake, imeandikwa "makaa haya", akamwambia amekosa. Mtoto akasimama kunitazama, na haki ilikuwa yake: kaa wa baharini ni A-WA, kaa la moto ni LI-YA, na kadi haikusema ni yupi. Kiboko nacho kina shida hiyo hiyo, maana kuna mnyama na kuna mjeledi. Sasa kadi zangu zinasomeka hivi: "Kiboko yule ameingia mtoni. Sema kwa wingi." Jibu halina mjadala: "Viboko wale wameingia mtoni."

Zitoe sentensi kwenye madaftari yao, pale wanapokosea kweli. Wangu huanguka kwenye U-ZI. "Ukuta huu umepasuka" wanaigeuza "Ukuta hizi zimepasuka": kionyeshi wamepata, kitenzi wamepata, wamesahau kuitoa ile U na kusema kuta. Kwa hiyo katika kadi 36 nimeweka kumi na mbili za U-ZI, na zilizobaki nimezigawa kwa ngeli nyingine. Ukizigawa sawasawa utapoteza kadi nyingi kwa A-WA wanayoijua tayari.

Majibu usiyaweke nyuma ya kadi. Karatasi ya kawaida inaonyesha upande wa pili ukiiinua kwenye mwanga wa dirisha, na watoto waligundua hilo kabla yangu. Zipe kadi namba, kisha uchapishe karatasi moja ya majibu yenye namba hizo. Anaishika mtoto aliye kulia kwa anayejibu, kwa hiyo uamuzi unazunguka na hakuna anayekaa bila kazi.

Kuchapisha ni hivi. Kadi tisa zinaingia kwenye A4 moja, tatu kwa tatu, kila moja milimita 60 kwa 85, kwa hiyo kadi zote ni karatasi nne. Njia ni A4 iliyolazwa, mistari minne ya miraba sita, kila mraba milimita 40. Weka mishale kwenye kona, kwani njia inageuka kama nyoka na mtoto hupotea pale pale. Ongeza karatasi ya sheria na ya majibu, unapata karatasi saba kwa kila kundi. Ihifadhi kama PDF, na ukifika saiba mwambie achague "Actual size", la sivyo mashine inapunguza kidogo na vipimo vyako vinaharibika. Usitegemee rangi. Nilipaka miraba ya kupumzika nyekundu na ya kusaidiwa kijani, fotokopi ikazitoa zote kijivu kimoja. Tumia nyota na duara.

Kwa kete nilidhani vifuniko vya soda vingefaa, lakini viwili tu vinaujaza mraba. Tafuta vitu vidogo vinavyotofautiana: haragwe, punje ya mahindi, kifungo, kijiwe. Na dadu za karatasi ziache, zinabonyea na kuegemea upande mmoja. Chukua penseli ya pembe sita, uichonge namba 1 hadi 6 kwenye ubavu, waiviringishe mezani. Wastani ni ule ule.

Karatasi ya sheria iwe ya mistari minane isiyozidi. Ukiimaliza, wape watoto wanne, kaa pembeni na ufunge mdomo. Kila watakapoinua kichwa kukuuliza, hapo sheria ina tundu. Wangu waliuliza mambo mawili: je, wawili wanaweza kukaa mraba mmoja, na je, kumaliza ni lazima upate namba kamili? Nikaandika kwamba wanaweza, na kwamba ukizidisha umefika. Bila hilo la pili mtoto angekaa mraba wa 23 akingoja moja mpaka kengele.

Nimekufungia seti moja iliyokatwa, uishike mkononi kabla hujaanza ya kwako. Kadi ya 17 ina kosa la chapa, irekebishe kwa kalamu. Nami niandikie sentensi kumi ambazo watoto wako wanakosea. Wako wanatoka bara na huenda wanaanguka mahali pengine kabisa, nataka kuona kama mgawo wangu wa kadi utabadilika.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi,
mwenzako wa chumba kimoja chuoni