Ameniuliza shairi nimelitoa wapi

Shangazi, shikamoo.

Sijalala. Naomba unisamehe kama maneno yanarukaruka. Nilimtumia yule mtu ninayempenda shairi, nikasubiri, nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena, halafu likaja jibu: “Umelitoa wapi hili?” Basi, hakuna kingine.

Nimelitoa wapi! Nimelitunga mwenyewe, Shangazi, kwa kuhesabu mizani vidoleni. Lilikuwa tarbia kamili, mishororo minne, mizani nane ukwapi na nane utao, vina vya kati na vya mwisho vyote mahali pake. Nakuandikia mishororo miwili tu uone kama kuna kasoro:

Nyota ya maisha yangu, nang'ara kwa nuru yako,
Asali ya moyo wangu, nalewa kwa penzi lako.

Hesabu mwenyewe. Hakuna mizani iliyozidi wala iliyopungua. Sasa mtu anauliza limetolewa wapi, kana kwamba nimeliokota!

Rafiki yangu nilipomsomea alicheka (simtaki tena leo, lakini alisema jambo ambalo halinitoki kichwani). Alisema kosa ni hizo “ngu” na “ko”. Kila jina hukubali kuvishwa “-angu” na “-ako”, kwa hiyo kina hicho hakimgharimu mtunzi chochote, na msomaji akishasikia “yangu” anaisubiri “yako” kabla haijafika. Tena akaniambia niliondoe jina la mpenzi wangu, niweke la mtu mwingine yeyote, nione kama kuna neno litakalogoma. Halikugoma hata moja. Lakini nyota si nyota? Asali si tamu? Wazee walisifu hivyohivyo na hakuna aliyewauliza wametoa wapi.

Hata hivyo usiku huu nimetunga jingine. Si kwamba namtii rafiki. Ni kwamba mtu huyu ana tabia moja: akikutumia ujumbe wa sauti kukusimulia jambo, anaanza kucheka mwenyewe kabla hajafika popote, na kicheko kinameza hadithi yote. Nikaona hilo ni lake peke yake. Nikaacha vipande viwili, nikachukua umbo la utenzi, mizani nane kila mshororo, na vina nikavitafuta kwenye maneno yenyewe badala ya viambishi:

Wacheka mwanzo wa kisa,
nami nacheka kabisa,
mwisho wake hadi sasa
sijausikia bado.

Halina moyo, halina ua, halina hata neno “penda”. Nililisoma kwa sauti ya chini, likaenda kama mtu anayeongea. Nikafurahi kwa muda mfupi, kisha wasiwasi ukaanza.

Kwanza, hilo “wacheka”. Hakuna anayeandika hivyo kwenye simu siku hizi; tunasema “unacheka”. Lakini nikiweka “unacheka” mizani inakuwa tisa, na mshororo wa kwanza kabisa unakuwa guni. Nikiacha “wacheka”, naogopa harufu ya kitabuni irudi, aniulize tena nimelitoa wapi. Rafiki anasema kwenye simu hakuna anayehesabu mizani, sikio litasamehe moja iliyozidi kuliko neno lililovaa kanzu ya zamani. Mimi sikio langu halisamehi, nimelizoeza hivyo.

Pili, lile “bado”. Katika utenzi, kina cha mshororo wa nne hakifuati vile vitatu vya juu. Hurudi mwishoni mwa kila ubeti. Mimi nina ubeti mmoja tu, kwa hiyo “do” inabaki inaning'inia peke yake. Mimi naipenda ikining'inia, maana hata kisa chenyewe hakijaisha. Lakini atajua ni makusudi, au atadhani nimeishiwa vina? Niongeze ubeti wa pili unaoishia na “do” ili asinidharau? Nimejaribu, kila mara nakuta nimeingiza “upendo”, na ukishaingia huo, tumerudi kwenye nyota na asali.

Halafu kuna hili. Shairi lisilotaja mapenzi, atajuaje ni la mapenzi? Sitaki ajue, Shangazi, nataka acheke tu. Lakini akicheka tu bila kujua, nitaumia kuliko nilivyoumia na lile swali lake. Na lile swali bado linaniuma. Au labda aliuliza kwa kuwa lilimpendeza? Mtu akipendezwa na kitu si huuliza kimetoka wapi? Rafiki anasema nisijidanganye. Sijui.

Usiniambie nimwambie ana kwa ana. Hilo nimeshaambiwa, na ningeliweza nisingekuwa nahesabu silabi usiku kucha. Niambie tu: huu ubeti mmoja nimtumie au nisimtumie? Na kama nitume, niandike “wacheka” au “unacheka”?

Msomaji wako