Kwa Nini Mwenye Cheti cha HSK 2 Tunamrudisha Kwenye Toni na Herufi

Lalamiko linalojirudia hapa kituoni kwetu cha Kichina, Dodoma, ni la mwanafunzi mwenye cheti cha HSK 2, ngazi ya pili ya mtihani wa lugha ya Kichina, anayetaka kuanza HSK 3 mara moja, nasi tunamtaka kwanza alipie hatua ya toni, yaani mpando na mshuko wa sauti unaobadilisha maana ya neno, na utambuzi wa herufi. Hivi karibuni mzazi mmoja alituambia waziwazi kwamba tunamtoza mwanawe kwa masomo aliyokwisha kuyafaulu.

Katika mtihani wa ngazi sita uliozoeleka, karatasi za HSK 1 na HSK 2 huchapishwa zikiwa na pinyini, yaani matamshi kwa herufi za kilatini, sambamba na herufi za Kichina. Mtahiniwa anaweza kupata alama 120 kati ya 200 zinazohitajika bila kuziangalia herufi zenyewe. Katika HSK 3 pinyini huondolewa, na sehemu ya kuandika huongezwa.

Kijana wa mzazi huyo alikuwa amechukua njia ya mkato tunayoiona mara nyingi: daftari lake lote lilikuwa na matamshi ya Kiswahili, na ndani yake 买 (mǎi, nunua) na 卖 (mài, uza) yote yaliandikwa “mai”. Tulimsomea sentensi 她卖衣服, tā mài yīfu, yaani “anauza nguo”, akachagua picha ya mwanamke anayenunua. Tulipomwonyesha sentensi hiyo bila pinyini, alikosea tena, ingawa 卖 ni 买 iliyoongezewa 十 juu yake, na mistari sita inakuwa minane.

Kosa la sikio lilikuwa na chanzo chake. Alikuwa amefundishwa kwamba toni ya tatu, ile ya mǎi, hushuka kisha hupanda, jambo ambalo ni kweli neno linapotamkwa peke yake. Ndani ya sentensi, mbele ya toni ya kwanza kama ya yī, sauti ya mǎi hubaki chini tu bila kupanda, ilhali mài huanza juu na kuporomoka. Kwa kuwa alisubiri mpando usiokuja, kila “mai” aliyoisikia aliibahatisha.

Ndiyo maana tunafundisha toni kwa jozi za maneno, si silabi mojamoja, na kila mwanafunzi hurekodiwa kisha mwalimu huisikiliza sauti yake pamoja naye. Herufi zinazofanana huandikwa kwa mkono zikiwa zimewekwa pamoja, kwa mpangilio sahihi wa mistari, mpaka tofauti ionekane mara moja. Kazi hiyo haiwezekani katika darasa la watu arobaini, na ada yetu inatokana na udogo wa makundi yetu. Kijana huyo alipokubali kuanza upya, muda mwingi uliishia katika kulifuta daftari lile kichwani mwake, na muda huo mzazi aliulipia.

Mwenye cheti cha HSK 2 husomeshwa kwanza ukurasa usio na pinyini, bila malipo. Akiusoma na kuzitofautisha jozi anazosikia, anaingia HSK 3 siku hiyo hiyo.