Risasi ya kwenye zirkoni haikuzaliwa na jiwe

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapa barua ya msomaji wa Moshi aliyeuliza: wanaosema milima ya Upare ina miamba ya mamia ya mamilioni ya miaka wanajuaje, ilhali hakuna aliyekuwepo kuhesabu metali ya risasi iliyokuwamo siku jiwe linazaliwa? Alijibiwa kwamba wataalamu wameshapima. Hilo si jibu, na swali lake ni la mtu aliyefikiri. Mimi nilisomea jiolojia, sasa nachambua vito hapa Arusha, na zirkoni hupita mikononi mwangu mara kwa mara. Naomba nafasi nimjibu. Umri huo husomwa ndani ya punje za zirkoni: urani iliyomo humeguka taratibu na kugeuka risasi, kwa hiyo uwiano wa risasi na urani iliyobaki ndio saa yetu.

Zirkoni ninayoisema si lile jiwe la kiwandani linalouzwa badala ya almasi. Ni madini ya asili, magumu na mazito, ambayo huganda ndani ya uji wa mwamba unaopoa. Ndani ya graniti punje zake huwa ndogo mno, nyingi hazifiki hata nusu milimita. Fuwele yake hujengwa kwa zirkoniamu, silikoni na oksijeni, na kila atomi ina nafasi yake. Atomi ya urani inakaribiana na ya zirkoniamu kwa ukubwa na ina chaji ileile ya nne, kwa hiyo chache hupenya na kukaa kwenye nafasi hizo. Risasi haiwezi. Ni kubwa kupita kiasi, na chaji yake ni mbili. Fuwele inapojengeka huikataa, ikabaki nje katika ule uji. Hapo ndipo saa inapoanza karibu na sifuri, bila kuhitaji shahidi.

Nimesema "karibu" makusudi, maana risasi kidogo inaweza kuingia kupitia ufa au uchafu wa maabara. Lakini nayo inajulikana. Risasi ya kawaida huja na aina iitwayo risasi 204, ambayo haizalishwi na urani wala kitu kingine chochote kinachomeguka. Mashine ikiikuta risasi 204 kwenye punje, mpimaji anajua kuna mgeni, na kwa wingi wake anakadiria ni kiasi gani cha risasi nyingine kimeingia naye, kisha anakitoa kwenye hesabu. Isipoonekana, risasi yote iliyobaki imezaliwa humohumo.

Kutokana na urani huzaliwa kwa njia mbili, na hapa ndipo penye uzuri wa kazi hii. Urani 238 humeguka hatua kwa hatua hadi kuwa risasi 206, na nusu yake humalizika kwa miaka bilioni 4.47. Urani 235 huishia risasi 207, nayo nusu yake humalizika kwa miaka milioni 704 tu. Kwa hiyo kila punje imebeba saa mbili zenye mwendo tofauti, zilizoanza siku moja. Zikikubaliana, ni vigumu sana kudai kwamba zote zimekosea kwa pamoja.

Tuchukue punje ya graniti yenye miaka bilioni 2.6, umri ambao si wa ajabu kwa miamba ya kanda ya Ziwa. Kama haijaguswa na kitu, kwa kila atomi 1,000 za urani 238 zilizobaki tutakuta atomi 497 za risasi 206. Kwa kila atomi 1,000 za urani 235 zilizobaki tutakuta takriban atomi 11,940 za risasi 207, kwa sababu urani hiyo ya haraka imeshakwisha karibu yote. Ukipiga hesabu kwa saa yoyote kati ya hizo, unapata bilioni 2.6.

Sasa tuseme hivi karibuni punje hiyo imevujisha sehemu ya tano ya risasi yake. Saa ya kwanza itasoma bilioni 2.16, ya pili bilioni 2.39. Hazikubaliani, na kutokukubaliana huko ndiko kunakomwambia mpimaji kwamba jiwe limeharibiwa. Tena hajapoteza kila kitu. Risasi 206 na 207 ni mtu na pacha wake kikemia, huvuja kwa uwiano uleule. Akizilinganisha zenyewe kwa zenyewe, bado anapata bilioni 2.6.

Ila hila hiyo inafaa tu kama kuvuja ni kwa karibuni. Kama jiwe lilivuja zamani, tuseme lilipopashwa moto milima ilipokuwa inajengwa, risasi iliyozaliwa baada ya hapo huvuruga uwiano. Mwaka 1956 George Wetherill alionyesha njia ya kutoka. Unachora mstari wa mkunjo unaoonyesha mahali saa mbili zinapokubaliana kwa kila umri, kisha unaweka juu yake vipimo vya punje nyingi za mwamba uleule. Zilizovujisha kwa viwango tofauti hujipanga kwenye mstari mnyoofu unaoukata mkunjo mara mbili: juu ni kuzaliwa kwa zirkoni, chini, mambo yakiwa mepesi, ni wakati wa ule uvujaji.

Kinachovujisha ni urani yenyewe. Kila inapomeguka hupiga fuwele kutoka ndani, na baada ya muda mrefu sehemu zenye urani nyingi hupoteza mpangilio. Sisi wachambuzi tunaliona hilo kwa macho: jiwe lina ukungu ndani, na ukilipima ni jepesi kuliko zirkoni nzima ya ukubwa huo. Maabara siku hizi hupasha punje moto wa nyuzi 900 hivi kwa saa nyingi, kisha huziosha kwa asidi ya haidrofloriki, ambayo hula sehemu zilizoharibika na kuacha zilizo imara. Zilizobaki ndizo zinazopimwa.

Sasa nirudi Upare. Mwaka 2001 Profesa Sospeter Muhongo na wenzake walichapisha vipimo vya zirkoni za miamba ya ukanda huu wa mashariki mwa Tanzania, na umri wa karibu miaka milioni 640 ukajitokeza. Hiyo si siku uji wa mwamba ulipoganda mara ya kwanza. Ni wakati miamba ambayo tayari ilikuwepo ilipozamishwa chini sana na kupikwa upya. Zirkoni haiyeyuki kirahisi, hivyo punje ya zamani inaweza kubaki kama kiini na kuvikwa ganda jipya. Ukiipiga mionzi ya elektroni, tabaka hizo huonekana kama pete za mti. Mpimaji huelekeza mwale mwembamba kwenye kiini, halafu kwenye ganda, na punje moja humpa umri wa aina mbili, zote za kweli. Akisaga punje nzima bila kuitazama, atapata wastani wa katikati ambao haukuwa siku ya tukio lolote.

Ndiyo maana ninawaomba ninyi wa gazeti, Mhariri: mnapochapa umri wa mwamba, andikeni ni umri wa nini. Milioni 640 ya kupikwa upya haimaanishi milioni 640 ya kuumbwa. Wala msimwambie msomaji wetu kwamba Kilimanjaro ilipimwa hivyohivyo. Lava zake kwa sehemu kubwa si za aina inayozaa zirkoni kwa urahisi, tena ni changa, hivyo urani isingekuwa imetoa risasi ya kutosha. Zake zilipimwa kwa potasiamu na gesi ya agoni, na hiyo ni saa nyingine yenye matatizo yake.

Mchambuzi wa vito,
Arusha