Kwa wanangu mnaoandika tasnifu: sura ya pili si foleni

Wanangu,

Juzi kijana mmoja wa uzamili alinijia nyumbani na sura yake ya pili, ile ya mapitio ya kazi tangulizi, mkononi, jasho linamtiririka. Turnitin ilikuwa imemrudishia mfanano wa asilimia 38, na msimamizi wake kamwambia asionekane ofisini mpaka ishuke. Nikamkaribisha, nikampa maji, nikaanza kusoma. Aya ya kwanza: "Shaaban Robert anasema." Ya pili: "Amri Abedi (1954) anasema." Ya tatu: "Mulokozi na Kahigi (1979) wanasema." Kurasa kumi na nne za watu waliopanga foleni, kila mmoja anafika dirishani, anasema lake, anaondoka, na hakuna aliyemsikia mwenzake. Nilikasirika. Mkiona barua hii ina ukali, mjue umetoka hapo.

Kilichonikera zaidi ni namna alivyojaribu kuishusha hiyo asilimia. Fasili ya ushairi ya Mulokozi na Kahigi mnaijua, maana tasnifu nyingi za ushairi zimeibeba: sanaa, mpangilio maalumu wa maneno fasaha, lugha ya mkato, picha, sitiari. Yeye "sanaa" kaifanya "ufundi", "fasaha" kaifanya "safi", na "lugha ya mkato" kaigeuza "lugha iliyokatwakatwa". Wale wataalamu wanazungumzia maneno machache yenye uzito, yeye katupeleka buchani! Na bado aya ile ilirudi imepakwa rangi, kwa sababu maneno yaliyozunguka hayo matatu yalibaki yamepangana vilevile.

Chombo kile cha Turnitin hakipimi wizi, wanangu. Kinalinganisha mifuatano ya maneno yako na mifuatano iliyomo katika hazina yake: kurasa za mtandaoni, makala za majarida, tasnifu za waliokutangulia. Sasa fikirini. Ukimfupisha mtaalamu mmoja peke yake, unapita palepale alipopita: anapoanza unaanza, anapomalizia unamalizia, na istilahi zake ndizo zako. Wenzako waliomfupisha kabla yako walipita hapohapo. Hata usipotazama kazi zao, sentensi zenu zitafanana. Lakini sentensi inayowakutanisha Shaaban Robert na Mulokozi na Kahigi juu ya jambo moja, kwa ajili ya swali lako wewe, si rahisi kuikuta kwa mtu mwingine. Kwa hiyo mfanano unapungua wenyewe, bila kuhangaika na visawe.

Nilichukua karatasi kubwa nikamwambia achore jedwali. Juu, kila safu jina la mtaalamu. Ubavuni, kila mstari swali moja. Yeye anaandika kuhusu mashairi huru ya Kezilahabi katika *Kichomi* cha 1974, kwa hiyo maswali yake yanatoka humo: je, vina ni sharti? Je, shairi ni lazima liimbike? Je, uchache wa maneno una nafasi gani? Akaanza kujaza, kila kisanduku maneno matano au sita tu, kitabu kikiwa kimefunikwa. Hilo la kufunika kitabu nililisisitiza. Ukiandika huku jicho liko kwenye ukurasa, mkono unanakili kabla akili haijaelewa.

Kwenye mstari wa vina, mgawanyiko ulionekana mara moja. Shaaban Robert anauita ushairi sanaa ya vina. Mulokozi na Kahigi hawavitaji kabisa katika fasili yao. Mstari wa wimbo ukawa mtamu zaidi. Kwa Abedi, shairi lisiloimbika halina maana. Mulokozi na Kahigi nao wanataja mahadhi ya wimbo, ila kama njia mojawapo, pamoja na usemi na maandishi. Wimbo ni uleule, lakini kwa mmoja ni kipimo na kwa wengine ni chombo tu. Tulipofika kwenye uchache wa maneno, kijana akanyamaza, kisha akacheka. Shaaban Robert, baada ya vina, anaongeza ufasaha wa maneno machache. Na ile lugha ya mkato ya Mulokozi na Kahigi, je? Kumbe hao tunaowapanga kambi mbili miaka yote wanashikana mkono hapo.

Nikamwambia aandike kwa kufuata mstari, asishuke na safu. Aliandika hivi:

"Wataalamu wanaotofautiana kuhusu vina wanakubaliana kuhusu mkato. Shaaban Robert anaujumlisha pamoja na vina, ilhali Mulokozi na Kahigi (1979) wanaubakiza bila kutaja vina. Kwa hiyo mkato unaweza kuwa kigezo cha kuyasoma mashairi huru bila kuyahukumu kwa kanuni ambayo hayakuifuata."

Sentensi tatu. Zimekula kurasa mbili za "anasema", na ile ya mwisho ni yake mwenyewe.

Kisanduku cha Abedi kwenye mstari huo kilibaki kitupu. Kijana akataka kuandika hapohapo kwamba ameona pengo la utafiti. Nikamuuliza: kitabu cha Abedi umekisoma? Kimya. Alikuwa amekiokota kwenye tasnifu ya mtu mwingine, kimenukuliwa nusu ukurasa. Hapa, wanangu, ndipo huwa napandwa na mori. Kisanduku kitupu kinaweza kuwa pengo, kinaweza kuwa jambo ambalo mtaalamu hakulikusudia, na mara nyingi kuliko mnavyokiri ni uvivu wenu. Nimewahi kutahini tasnifu tatu zenye nukuu ileile, kosa la chapa lilelile, na ukurasa uleule usio sahihi. Nukuu ilirithiwa kama shamba. Kama hukukiona kitabu, sema umemnukuu kupitia nani, halafu nenda maktaba.

Lakini niwalaumu ninyi peke yenu? Kuna vibanda vya kuchapa karibu na vyuo vinavyojitangaza kuwa vinashusha asilimia, na wateja hawakosi. Kuna wasimamizi wanaosoma namba iliyo juu ya ripoti na hawafungui ukurasa wa pili. Mwanafunzi akiona namba ndiyo inayosomwa, ataihudumia namba.

Mengine nayasema kwa ufupi. Kukusanya kwa mada hakuondoi wajibu wa kutaja chanzo. Sentensi yenye wataalamu watatu inawataja wote watatu. Fasili ambayo maneno yake ndiyo hoja yako, inukuu ilivyo ndani ya alama za mtajo. Ikipakwa rangi, usihangaike. Kazi ambayo tasnifu yako yote imesimama juu yake ina haki ya aya zake peke yake. Usiwafunge pamoja watu wasiokubaliana kwa kuandika "wataalamu wengi wanasema". Na asilimia ikiwa ndogo huku wazo la mtu umelibeba bila jina lake, bado umeiba.

Ukitaka kujua sura yako iko upande gani, soma maneno ya kwanza ya kila aya. Yakiwa majina ya watu mfululizo, hiyo ni foleni. Halafu badilisha nafasi za aya mbili; kama hakuna kinachoharibika, basi hazikuwa zinajengana.

Yule kijana ameenda kukitafuta kitabu cha Abedi. Anarudi Jumamosi. Wengine mnaotaka kuja siku hiyo, njooni na jedwali. Sura zenu ziacheni nyumbani kwanza.

Mwalimu wenu mstaafu