Mimbari Isiwe Jukwaa la Kampeni

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia, lakini taarifa yenu ya wiki jana kuhusu wanasiasa kunyimwa kipaza sauti ibadani imenitonesha kidonda. Agizo la namna hiyo si geni. Septemba 2021, kule Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kanisa Anglikana la Kenya alikataa wanasiasa wahutubie ibada ya kumweka wakfu Askofu Rose Okeno, ingawa wakubwa wa siasa walikuwepo. Shida ni kwamba mgombea hahitaji kuhutubia ili aungwe mkono.

Mimi husoma matangazo kanisani kwetu. Wiki chache kabla ya uchaguzi wa 2022 niliwekewa karatasi mkononi, nikaisoma kama ilivyoandikwa: mheshimiwa fulani ameleta shilingi 200,000 za mabati, ajongee mbele aombewe. Hakusema neno. Alipiga magoti, mchungaji akamwekea mikono, mtu wa kampeni akarekodi kwa simu, na kabla ya jua kutua kipande hicho cha video kilikuwa kimesambazwa hadi katika kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisa, sauti yangu ikisikika waziwazi, chini yake pameandikwa kwamba kanisa limeshaamua. Mama mmoja wa kwaya, ambaye mpwa wake alikuwa akiwania kiti hichohicho, hakurudi tena. Nilikwenda kwake mara mbili kumwomba radhi. Alinipikia chai, akanisikiliza, lakini kwaya ilimpoteza kwa sababu ya tangazo nililolisoma mimi.

Wapo wanaosema basi kanisa linyamaze kabisa. Sikubaliani nao hata kidogo. Maaskofu Henry Okullu na Alexander Muge walipopinga kura ya mlolongo katika miaka ya 1980, hawakumpigia mtu debe. Walisema kwamba kumpanga raia nyuma ya mgombea mbele ya macho ya chifu na mwajiri wake ni kumnyima uhuru, na neno hilo lingebaki kweli hata wagombea wangebadilishwa wote. Mahubiri juu ya hongo, ardhi iliyonyakuliwa au dawa zinazokosekana zahanati yapimwe vivyo hivyo: mhubiri abadilishe jina la chama, aone kama hoja bado inasimama.

Na hizi harambee, Mhariri, ndizo mlango wa nyuma. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango wa Rais kwa kanisa la Soweto, Kayole, lakini makanisa madogo yenye paa linalovuja hayana ubavu huo.

Kwa hiyo naomba kuanzia sasa hadi uchaguzi wa Agosti 2027 sadaka ya mwanasiasa itiwe kwenye bahasha isiyo na jina, ipite kapuni pamoja na zetu, mhazini atangaze jumla tu, na anayetaka kuombewa aombewe ofisini baada ya ibada, simu zikiwa zimezimwa. Karatasi nyingine kama ile sitaisoma.

Msomaji wa matangazo,
Kakamega