Kaka, Usigawe Shamba kwa Karatasi ya Kikao

Kaka, shikamoo. Natumaini Mama anaendelea vizuri na goti lake limepungua maumivu.

Kumbukumbu za kikao cha familia nimezipokea, nikazisoma mara mbili. Nakushukuru kwa kuwakusanya wazee na kuandika kila jambo. Ila mahali palipoandikwa kwamba uamuzi huu ni wa mwisho na mahakama itaufuata, hapana. Kikao chetu hakina nguvu hiyo.

Baba hakuacha wosia, kwa hiyo mirathi yake inaongozwa na Sheria ya Urithi ya Kenya. Mpaka sasa hakuna aliyepewa hati ya usimamizi. Tukishaomba, tangazo litatolewa katika Gazeti la Serikali, na mwenye pingamizi ana siku 30. Hati ikitoka, kwa kawaida tunangoja miezi 6 ndipo tuombe ithibitishwe. Hapo ndipo hakimu anapouliza nani ni mrithi na kila mmoja anapata nini, na asiporidhika na majibu hathibitishi. Cheti cha uthibitisho ndicho ofisi ya ardhi itakachokifanyia kazi. Karatasi ya kikao, hata ikiwa na mhuri wa chifu, haihamishi hata robo eka.

Lakini usidhani kikao kilikuwa bure. Warithi wote wazima wakikubaliana kwa hiari, mahakama huweza kupitisha mgawo wao hata kama haulingani na ule wa kisheria. Kumbukumbu zitakuwa ushahidi wa tulivyoafikiana. Kinachotakiwa ni kila mrithi aweke sahihi yake mwenyewe kwenye fomu ya kukubali mgawo. Kabla ya hapo, yeyote kati yetu anaweza kuwasilisha kiapo cha kupinga, na karatasi yenu haitamzuia. Baada ya mahakama kupitisha ndipo makubaliano yanakuwa amri, na kuyavunja inabidi mtu aoneshe ulaghai, kosa kubwa au jambo lililofichwa.

Sasa tazama mlivyogawa. Shamba ni eka 8. Eka 2 ziuzwe kulipa deni la hospitali, wewe uchukue 5, na mtoto wa marehemu ndugu yetu apate 1. Mimi na Dada tumeandikwa “wameolewa, hawadai”. Mama hakutajwa popote, isipokuwa kwamba ataendelea kukaa nyumbani.

Kisheria mtoto wa kike, ameolewa au hajaolewa, ana fungu sawa na wa kiume. Mama ana haki ya kulitumia shamba lote maisha yake, kwa hiyo kuligawa sasa kunahitaji ridhaa yake. Yule kijana anasimama mahali pa baba yake. Tuko mafungu manne, na eka 6 zikigawanywa sawa ni eka moja na nusu kila fungu. Mimi na Dada tunaweza kuacha haki zetu kwa kauli zetu wenyewe. Kijana ana miaka 13, hawezi kuacha chake, wala mjomba aliyetia sahihi kwa niaba yake hana uwezo wa kumpunguzia. Hakimu akiona eka moja atauliza, na faili litakwama hapo. Tena kwa kuwa yumo mtoto, wasimamizi wasipungue wawili. Napendekeza wewe na Dada.

Kaka, umelima na Baba miaka mingi, nami siko huko kushika jembe. Fungu langu nakuachia kwa moyo mmoja, nawe utakuwa na eka 3. Kijana apate eka moja na nusu kamili, na usajili uoneshe kwamba inashikwa kwa amana mpaka atimize miaka 18. La Dada muulize mwenyewe, bila wazee kumkodolea macho.

Jambo linaloninyima usingizi ni zile eka 2. Nimesikia mnunuzi ameshalipa malipo ya awali. Msimamizi mwenyewe, hata akiwa na hati, haruhusiwi kuuza ardhi kabla ya uthibitisho. Asiye na hati akiuza, ni kosa la jinai kuingilia mali ya marehemu: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Mnunuzi naye hatapata hatimiliki, na atakayemfuata kudai ni wewe. Tafadhali mrudishie pesa, umwandikie risiti, na umwombe asubiri. Hospitali tuiandikie tuombe muda, nami nitatuma kitu kila mwezi. Ikiwa watabana sana, wakili anaweza kuomba uthibitisho kabla ya miezi 6.

Anza na barua ya chifu inayotaja warithi wote, nami na Dada tukiwemo. Jina likiachwa, hati nzima inaweza kufutwa baadaye, hata baada ya miaka. Fomu ya kukubali ikiwa tayari nitumie, nitaitia sahihi hapa Leeds mbele ya mthibitishaji wa hati kisha niirudishe.

Msalimie Mama, umsomee barua hii yote.

Mdogo wako